Presha na vidonge viwili: maswali kuhusu utafiti wa CREOLE

Madaktari wachanga, matabibu na wauguzi wa hospitali na vituo vya afya vya Nakawa, Kampala, huona wagonjwa wa presha kila siku. Wanapokutana kusoma tafiti, CREOLE unafaa kuanza nao. Ulitoka mwaka 2019 katika jarida la New England Journal of Medicine, na Uganda ilikuwa moja ya nchi sita zilizoshiriki, pamoja na Kenya, Msumbiji, Nigeria, Kameruni na Afrika Kusini. Daktari wa magonjwa ya ndani anajibu maswali.

Walilinganisha nini hasa?

Wagonjwa 728, Waafrika weusi, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu, kila kundi dawa mbili. La kwanza lilipewa amlodipini na haidroklorothiazidi, la pili amlodipini na perindoprili, la tatu perindoprili na haidroklorothiazidi. Baada ya miezi miwili dozi ziliongezwa mara mbili: amlodipini, kwa mfano, ilitoka miligramu 5 ikawa 10. Matokeo yalipimwa mwezi wa sita kwa mashine inayovaliwa mkononi saa 24, ikipima mgonjwa akiwa kazini na akiwa amelala. Hapo wamefanya vizuri. Presha ya chumba cha daktari hupanda kwa hofu tu, na sisi tunajua jinsi mtu aliyepanda bodaboda na kusubiri foleni anavyosoma 160.

Na matokeo?

Makundi mawili yenye amlodipini yalishusha presha ya juu zaidi ya kundi la tatu kwa takriban milimita 3 za zebaki. La kwanza dhidi ya la tatu, tofauti ni 3.14, na thamani ya p ni 0.03. La pili dhidi ya la tatu ni 3.00, na p ni 0.04.

Basi tumeshapata jibu?

Msikimbie. Walifanya malinganisho matatu. Ukifuata desturi kali ya kugawa 0.05 kwa tatu, kizingiti kinashuka hadi karibu 0.017, na hakuna hata linganisho moja linalopita. Mimi sitautupa utafiti kwa sababu hiyo, kwa kuwa makundi yote mawili yenye amlodipini yanaelekea upande uleule kwa kiasi kilekile. Lakini nitasema ushahidi ni wa wastani.

Linganisho linalosomwa vibaya zaidi ni la kwanza dhidi ya la pili: tofauti 0.14, p 0.92. Mtoa mada husimama akasema, "Ni sawasawa." Mwulize masafa ya uhakika ya asilimia 95. Yanaanzia 2.90 kwa faida ya kundi la kwanza hadi 2.61 kwa faida ya la pili. Maana yake tofauti ya karibu milimita 3, sawa na ile iliyotenganisha makundi yenye amlodipini na la tatu, bado haijaondolewa.

Udhaifu mwingine tuutafute wapi?

Hesabuni waliobaki. Waliopimwa saa 24 mwanzoni na mwezi wa sita ni 621. Wamekosekana 107, karibu asilimia 15. Ulizeni kama walipotea kwa usawa katika makundi yote. Ikiwa kundi moja lilipoteza wengi kwa sababu ya kikohozi cha perindoprili au miguu kuvimba kwa amlodipini, waliobaki ni wale waliozivumilia dawa. Kumbukeni pia kuwa walipima presha kwa miezi sita tu. Kiharusi na vifo havikuwa swali lao.

Je, unathibitisha kuwa Waafrika wanahitaji dawa tofauti na Wazungu?

Hapana. Wote walikuwa weusi. Hakuna kundi la kulinganisha nalo.

Mgonjwa amekuja na 196/112, hajawahi kutumia dawa. Tumpe kama walivyopewa wao?

Ambao hawakuwa na dawa waliingizwa presha ya juu ikiwa kati ya 150 na 179. Huyu hakuwakilishwa. Kwanza mpime tena akiwa ametulia, mwangalie macho, moyo, figo na neva, ndipo mwamue kama ni dharura. Vidonge viwili huenda vikamfaa, ila CREOLE sio sababu ya kusema hivyo.

Kesho kliniki tubadilishe nini?

Mgonjwa mwenye presha ya 155, asiye na ugonjwa mwingine, nitamwanzishia amlodipini na dawa ya pili. Ya pili naichagua kwa kumtazama yeye: mwanamke anayeweza kushika mimba simpi perindoprili, kwani humdhuru mtoto tumboni, mwenye potasiamu ya chini simpi haidroklorothiazidi. Kisha ulizeni duka la dawa la hospitali lina ipi mwezi mzima, na mgonjwa anaweza kununua ipi likiisha.