Kumwomba Mhitimu Dakika Ishirini

Kila muhula mimi ndiye ninayepitia barua za kuwaalika wahitimu waje kuzungumza nasi kuhusu kazi zao. Nyingi huomba "nasaha kwa vijana". Mtu mwenye shughuli akisoma hivyo anaona ametwishwa kazi ya kutunga hotuba nzima, basi anaiweka kando. Hakatai, ila hajibu.

Tuseme tunamtaka dada mhandisi wa ujenzi aliyesoma hapa Kampala, na sasa yuko kazini Jinja. Ningemwandikia hivi:

"Assalaam alaykum, Dada. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi, na nakuandikia kwa niaba ya jumuiya yetu ya wanafunzi Waislamu. Tunaomba utuzungumzie kwa dakika 20 jambo moja: baada ya kuhitimu, ulifanya kazi gani hadi ukasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi? Watakuwepo wanafunzi kama 25, wengi wa mwaka wa tatu na wa nne. Maswali yatachukua dakika 20 nyingine. Je, Jumamosi tarehe 8 au 15 Novemba, saa 10:30 jioni, itakufaa? Si lazima usafiri. Tunaweza kukusikiliza kwa Zoom. Kama nafasi haipo, tafadhali tuambie tu, nasi tutaelewa."

Kiini cha barua ni lile swali. Analijibu kwa maisha yake mwenyewe, hahitaji kujiandaa usiku kucha. Swali likiwa pana, kama "changamoto za uhandisi", hata akija atazungumza saa nzima na mtatoka bila kujua aanzie wapi mtu aliyehitimu juzi.

Zile dakika 20 za maswali msizifiche. Ukiandika 20 kisha ukamweka dakika 50, mwakani hatajibu, na wenzake kazini watasikia. Saa 10:30 nimeichagua kwa kuwa Alasiri imeshaswaliwa na kuna nafasi ya kumaliza kabla ya Magharibi. Ijumaa mchana msijaribu, maana aliyeajiriwa anabanwa kati ya swala na kurudi ofisini.

Barua rasmi yenye muhuri ifuate akikubali, hasa kama anahitaji ruhusa kwa mwajiri. Ikitangulia, inamfanya adhani anaombwa mchango. (Wahitimu wetu wameshaombwa michango ya kutosha.)

Siku saba zikipita kimya, mwandikie mara moja tu, mistari miwili, ukirudia tarehe zilezile. Akijibu "nitaangalia ratiba", mpe tarehe ya mwisho ya kujibu, kwa adabu: "Tukikosa jibu lako kufikia Jumatano, tutamwomba mwingine, nawe tutakutafuta muhula ujao." Kisha Alhamisi mwandikie huyo mwingine kweli.