Kugawa Fungu la Matangazo

SWALI: Nina duka la udi na marashi mjini Tanga, na kila mwezi hutenga shilingi 600,000 za kulitangaza mitandaoni. Nizigawe vipi?

JIBU: Bibi mpendwa, anza na programu, nazo zisizidi shilingi 30,000, kwa kuwa duka la kadiri yako latosheka na WhatsApp Business, isiyo na ada ya kuipakua. Kisha tenga 170,000 za kutengeneza picha na video, 280,000 za matangazo ya kulipia, na 120,000 za ujira wa mtu mmoja mwenye wafuasi wa Tanga na jirani zake, maana umaarufu wa mbali hauleti mnunuzi dukani.

Katika mkataba wake sharutisha kwa maandishi kwamba video atakayoitengeneza una idhini ya kuitumia katika matangazo yako kwa muda maalumu. Usipofanya hivyo, utalipa ujira, na baadaye ulipe tena kutengeneza video nyingine. Mpe pia neno maalumu la punguzo, upate kuhesabu wanunuzi aliowaleta yeye hasa.

Kila juma gawanya fedha za matangazo zilizotumika juma hilo kwa idadi ya waliokuandikia kuuliza bei. Gharama ya kila mmoja ikipanda, ilhali watu wale wale wanaonyeshwa tangazo lile lile mara kwa mara, tambua kuwa video imechakaa. Basi usiongeze fedha za matangazo, bali hamisha 50,000 kutoka humo ukatengeneze video mpya.