Umemdhamini Rafiki, Naye Ameacha Kulipa: Ufanye Nini?

"Wewe saini tu, ni utaratibu." Ndivyo wengi tunavyoingia kwenye udhamini. Rafiki anakuja na fomu jioni, kesho anataka kuiwahisha kwa afisa mikopo, na aibu ya kumkatalia inatuzidi. Tunadhani mdhamini ni shahidi wa tabia njema, au mtu atakayetafutwa mkopaji akipotea. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, haioni hivyo. Kwa sheria hiyo, dhima ya mdhamini ni sawa na ya mkopaji mwenyewe, isipokuwa mkataba umesema vingine. Anachodaiwa yeye, pamoja na riba na gharama halali za kudai, unadaiwa na wewe.

Tuchukue mfano wa Bugarama, wilayani Ngara. Kijana wa bodaboda anayebeba abiria kwenda Ngara mjini anakopa shilingi 3,000,000 anunue pikipiki. Riba ya mwaka ni 540,000, kwa hiyo atarejesha 3,540,000 kwa miezi 12, yaani 295,000 kila mwezi. Mkopeshaji anashika kadi ya pikipiki. Wadhamini ni wawili: mama anayeuza nguo kwenye gulio, na mkulima wa kahawa. Kijana analipa miezi minne, jumla 1,180,000, kisha simu yake haipatikani tena. Mkataba unasema akiruka marejesho mawili, deni lote lililobaki linadaiwa kwa mkupuo. Limebaki 2,360,000, na barua ya kulidai inafika kwa mama muuza nguo peke yake.

Mama anauliza swali ambalo kila mdhamini huuliza: kwa nini wasianze na kijana, au na pikipiki yake? Jibu ni kwamba mkopeshaji halazimiki, kama mkataba haukumlazimisha. Anaweza kumwendea mdhamini moja kwa moja, na kati ya wawili anaweza kumchagua yule anayeonekana ana fedha.

Kabla ya kusaini: tafuta mistari mitatu

Mstari wa kwanza ni wa kiasi. Fomu isiyotaja kikomo inakubebesha deni zima. Omba iandikwe, kwa tarakimu na kwa maneno, kwamba dhamana yako haizidi kiasi fulani, riba na gharama zikiwa ndani yake. Kama mama angeandika "haizidi shilingi 1,000,000", barua ile isingemdai zaidi ya hapo.

Mstari wa pili ni wa mikopo ijayo. Angalia kama fomu inasema unadhamini "mkopo huu na mikopo mingine atakayopewa". Maneno hayo yanakufunga hata akirudi kukopa mwaka ujao bila wewe kujua. Yafute, na mkopeshaji atie sahihi pembeni ya ulipofuta. Kama ulishasaini, unaweza kumwandikia mkopeshaji kwamba unaacha kudhamini mikopo itakayotolewa baada ya barua yako. Barua hiyo haigusi mkopo uliokwisha kutolewa.

Mstari wa tatu ni wa mabadiliko. Kisheria, mkopeshaji na mkopaji wakibadili masharti bila ridhaa yako, kwa mfano kumwongezea muda kwa makubaliano, mdhamini anaweza kuondoka kwenye dhima. Kwa sababu hiyo fomu nyingi huwa na sentensi inayosema mdhamini amekubali mapema mabadiliko yoyote. Ukiikuta, omba iongezwe kwamba ni lazima uarifiwe kwa maandishi kwanza. Usichanganye hili na mkopeshaji kukaa kimya tu. Kuchelewa kwake kudai peke yake hakukutoi kwenye dhamana.

Ukimaliza, ondoka na nakala ya mkataba wa mkopo na ya fomu ya udhamini. Na kama dhamana ni nyumba mnayoishi, usiishie kwenye saini yako tu, kwa maana ridhaa ya mwenza wako ni takwa la kisheria.

Rejesho la kwanza likirukwa

Hapa ndipo wadhamini wengi wanapopoteza fedha, kwa kusubiri. Faini na riba huendelea kukua wakati wewe unamtafuta rafiki kwa simu. Nenda kwa mkopeshaji wiki hiyohiyo, uombe taarifa ya mkopo kwa maandishi: kiasi kilicholipwa, kilichobaki, faini ya kila mwezi, na vitu gani vinashikiliwa kama dhamana. Linganisha na nakala yako. Uliza pia kama mkopo una bima, maana mkopaji akifariki bima hiyo ndiyo inaweza kulifunga deni.

Usisaini karatasi mpya kwa haraka. Fomu ya kupanga upya mkopo inaweza kuwa ndiyo inayokurudisha kwenye deni ulilokuwa umeponyoka. Wakija watu kutaka kubeba mali zako ambazo hukuziweka rehani, waombe amri ya mahakama. Deni la mkopo ni la madai, si jinai.

Ukilipa, usitoke mikono mitupu

Mama wa mfano wetu anaamua kulipa 2,360,000 ili faini isimame. Stakabadhi yake iandikwe kwamba amelipa kama mdhamini wa mkopo wa fulani, si kwamba kijana ndiye aliyelipa. Kosa dogo la jina humfanya ashindwe kuthibitisha kwamba fedha zilikuwa zake.

Kisha adai kadi ya pikipiki. Mdhamini aliyelipa deni anaingia mahali pa mkopeshaji, na dhamana zilizokuwa mikononi mwa mkopeshaji zinakuwa zake kuzitumia. Hata kama hakujua kwamba kadi ipo, haki hiyo anayo. Na mkopeshaji akiwa amemrudishia kijana kadi bila ridhaa ya mama, dhima ya mama inapungua kwa thamani ya pikipiki hiyo. Hii ndiyo sababu taarifa ya mkopo iombwe kabla ya kulipa, ili ijulikane kadi iko wapi.

Kadi haimpi ruhusa ya kumnyang'anya kijana pikipiki njiani. Wakikubaliana kuiuza, waandikishane mbele ya mtendaji wa kijiji. Wasipokubaliana, ni mahakamani. Tuseme imeuzwa 1,360,000. Pengo linabaki 1,000,000. Wadhamini wawili wa deni moja hulibeba sawasawa kama hawakupatana vingine, kwa hiyo mkulima wa kahawa anapaswa kumrudishia mama 500,000, hata kama mkopeshaji hakumgusa. Mama amwandikie barua yenye hesabu hiyo na nakala ya stakabadhi, wakubaliane alipe lini, pengine msimu wa kuuza kahawa.

Kijana naye bado anadaiwa. Kisheria, kila mkopaji huhesabiwa ameahidi kumfidia mdhamini wake, hata kama neno hilo halikutamkwa. Wadhamini wote wawili wanaweza kumdai kila mmoja 500,000 yake. Madai ya kiasi hiki yanafunguliwa Mahakama ya Mwanzo, yenye uwezo wa kusikiliza madai ya fedha yatokanayo na mikataba hadi shilingi milioni 30. Vya kwenda navyo ni mkataba, fomu ya udhamini, barua ya kudaiwa na stakabadhi.

Kwa hiyo kijana akija jioni na fomu, fanya hesabu moja: pata rejesho la mwezi, lizidishe kwa miezi yote, kisha ujiulize kama unaweza kulitoa fungu hilo bila kuuza shamba. Kama huwezi, mwambie utadhamini kiasi unachoweza, na kiandikwe.