Kutoka Mauzo ya Mubashara hadi Klipu Fupi: Somo kwa Wafanyabiashara wa Mifugo Oldonyiro

Mfanyabiashara anayeuza mbuzi mubashara kwenye Facebook akiwa soko la mifugo la Oldonyiro hubaki na rekodi ndefu ambayo wachache huirudia. Isitoshe, tangu Februari 2025 Facebook huhifadhi rekodi hizo kwa siku 30 pekee, kisha huzifuta. Njia nzuri ni kuchagua sehemu bora mapema na kuzitengeneza upya kuwa klipu fupi.

Sehemu bora si pale mnunuzi alipolipa. Mbuzi huyo ameshauzwa, na bei ya leo huenda isiwe ya wiki ijayo. Kinachodumu ni swali lililoulizwa na wanunuzi kadhaa. Wakati wa mauzo, msaidizi aandike kila swali pamoja na dakika lilipoulizwa. Lililorudiwa zaidi ndilo liwe klipu ya kwanza.

Kukata kipande na kukichapisha kama kilivyo mara nyingi hakufai. Mtandao ukiwa dhaifu, rekodi huwa na ukungu. Pia muuzaji husema “huyu hapa” huku mtazamaji mpya hajui ni yupi. Ni heri jibu liandikwe, kisha lirekodiwe upya simu ikiwa imesimamishwa wima, mahali pasipo na upepo.

Tuseme wanunuzi watatu walio Nairobi wameuliza umri wa mbuzi. Klipu ya sekunde 30 inaweza kuandikwa hivi:

Sekunde 0–4: Muuzaji amemshika mbuzi. “Utajuaje umri wa mbuzi ukiwa mbali?”

Sekunde 5–17: Simu inasogezwa mdomoni. “Tazama meno ya mbele ya chini. Mawili ya katikati ni makubwa, mengine bado ya utoto. Huyu amepita mwaka mmoja hivi.”

Sekunde 18–25: “Kabla ya kulipa, omba video ya meno ya mbuzi yuleyule unayemnunua.”

Sekunde 26–30: “Tuma ujumbe, utaonyeshwa waliopo leo.”

Hati hii haitaji bei, hivyo haitapitwa na wakati. Isomwe kwa sauti huku saa ikihesabu. Ikizidi sekunde 30, punguza maneno, usiharakishe kusema. Meno hutoa makadirio tu, kwa hiyo muuzaji asiahidi mwezi kamili.

Ikibidi kutumia kipande cha rekodi yenyewe, ficha majina na nambari za simu za wanunuzi zinazoonekana kwenye skrini. Taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019.

Baada ya kuchapisha, soma maoni. Watu wakiendelea kuuliza umri, jibu halikueleweka au meno hayakuonekana vizuri. Rekodi tena sehemu hiyo. Wakianza kuuliza usafiri, hilo ndilo somo la klipu inayofuata, na jibu lake lianze na kibali cha kusafirisha mifugo kinachotolewa na ofisi ya mifugo.