Kabla ya Kujenga Kando ya Mto Tana: Shimo Moja Halitoshi

Ardhi tambarare iliyo kando ya Mto Tana imejengwa na mto wenyewe. Mafuriko yanapovuka kingo, maji hupunguza kasi na kuangusha mchanga karibu na mto. Udongo laini wa mfinyanzi hubebwa mbali zaidi na kutulia pale maji yanapotuama. Mto pia huhama. Ziwa Shakababo, karibu na Ngao, ni kona ya zamani iliyoachwa na mto. Kona nyingine zilijaa tope na majani yaliyooza, zikafunikwa na udongo wa mafuriko ya baadaye, na leo hazionekani. Ndiyo maana hatua chache tu zinaweza kumtoa mjenzi kwenye mchanga imara na kumpeleka juu ya tope.

Tuchukue mfano wa nyumba ya mawe yenye urefu wa mita 12. Fundi anachimba msingi wa mita 1 na kukuta udongo mgumu kila upande. Hata hivyo, chini ya upande mmoja kuna mchanga ulioshikamana. Chini ya upande wa pili, udongo mgumu ni ganda tu lililokaushwa na jua, na kuanzia mita 1.5 kuna tope la mkondo wa zamani. Upande wa mchanga unashuka sentimita 1 wakati wa ujenzi na kutulia. Upande wa tope unaendelea kushuka kwa miaka, hadi sentimita 6. Tofauti ni sentimita 5, ilhali katika urefu huo ukuta unaweza kuanza kupasuka kwa tofauti ya sentimita 4 hivi. Nyufa hupanda kama ngazi kutoka pembe za madirisha, na milango hukwama.

Kabla ya kuchimba msingi, toboa mashimo kwa keekee ya udongo: moja katika kila pembe ya nyumba na moja katikati, yafike angalau mita 3. Panga udongo wa kila shimo kwa kufuata kina, kisha linganisha. Udongo mweusi wenye harufu ya kuoza, au unaobonyea kwa urahisi chini ya kidole gumba, ni dalili ya tope. Waulize wazee mto ulipita wapi zamani, na uangalie mahali maji hukawia baada ya mafuriko.

Mashimo yakitofautiana, huenda kuisogeza nyumba mita chache kukatosha. Tope likiwa la kina kifupi, huondolewa lote na kujazwa kifusi kinachoshindiliwa kila sentimita 15. Likiwa la kina kirefu, au jengo likiwa la ghorofa, mhandisi apime udongo na kuchora msingi unaofaa. Hata mashimo 5 huonyesha tu yaliyo chini yake. Kwa hiyo, udongo ukibadilika wakati wa kuchimba msingi, kazi isimame hadi sehemu hiyo ichunguzwe.