Somo la Tangazo: Andika Namba Jinsi Itakavyosemwa

Wakaazi wengi wa Habaswein hawasomi tangazo, wanalisikia. Linaandikwa na katibu wa kamati ya maji, mwalimu mkuu au afisa wa kaunti, kisha linasomwa na mtu mwingine: mtangazaji wa redio, mzee wa mtaa, au kijana aliyeshika kipaza sauti sokoni siku ya mnada. Mara nyingi anayelisoma amelipokea dakika tano tu kabla, na pengine analigeuza kuwa Kisomali papo hapo. Hana nafasi ya kumpigia mwandishi simu amuulize alimaanisha nini.

Ndiyo maana somo la toleo hili ni la wale wanaoandika. Maneno ya kawaida huwa hayamkwazi msomaji. Anakwama kwenye saa, tarehe, pesa na vifupisho, na hayo ndiyo mambo ambayo msikilizaji aliyakalia kitako ayasikie. Chukueni tangazo hili la mfano nililolitunga, ingawa mengi ya aina yake hupita mezani kwangu:

CHANJO YA PPR. Mbuzi na kondoo, 3/4, 8:00–2:00. Mahali: km 12 brbr ya Lagboghol. Dozi 25,000 zipo. Kila boma lilete watu 2 wa kushika. Bajeti Sh1.05m. Maelezo: CDVS.

Kwa macho halina kasoro kubwa. Sasa mpe mtu alisome kwa sauti.

Tuanze na saa, kwa sababu hapo ndipo nilipojikwaa mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijaingia kazi hii, nilikiandikia kikundi kimoja tangazo la chanjo ya mifugo nikaweka "8:00–2:00". Kichwani mwangu ilikuwa asubuhi, kwa saa ya simu. Aliyelisoma aliona nane akasema nane, akaona mbili akasema mbili: "kuanzia saa nane hadi saa mbili." Wafugaji wakafika saa nane mchana, wakati wachanjaji wanafunga masanduku yao ya barafu. Mzee mmoja alikuwa ametembeza mbuzi wake tangu alfajiri. Hakunigombeza, aliniuliza tu kama saa nane yangu ni tofauti na ya watu wengine. Na chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo, hiyo inayoandikwa PPR, huja ikiwa unga mkavu. Ikishachanganywa na maji yake lazima itumike muda mfupi baadaye, la sivyo inamwagwa. Haikuwezekana kumwambia arudi kesho atumie iliyobaki.

Saa ya simu huanza kuhesabu usiku wa manane, ya Kiswahili huanza jua linapochomoza na tena linapotua. Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo jua halituhami mwaka mzima na tofauti ya hesabu hizo mbili hubaki saa sita daima. Saa 8:00 ya simu asubuhi ni saa mbili. Saa 2:00 ya simu mchana ni saa nane. Ukitaka kugeuza, ongeza sita au punguza sita, kisha uandike kwa maneno pamoja na wakati wa siku: "saa mbili asubuhi". Hilo neno la mwisho ndilo mlinzi wako. Msomaji akikuta "saa nane asubuhi" atashtuka, kwa maana saa nane ni ya mchana au ya usiku, na atajua kuna kosa kabla hajafungua kinywa. Akikuta "8:00" peke yake hana cha kumshtua. Na msiandike zote mbili, ya simu na ya Kiswahili, kwenye karatasi ya kusomwa. Atazisoma zote, na watu wataondoka na ile ya mwisho kusikika.

Tarehe nayo ina mtego wake. "3/4" kwa mazoea yetu Kenya ni tarehe tatu mwezi wa nne. Lakini simu na tarakilishi nyingine zimepangwa kwa mtindo wa Kimarekani, mwezi mbele siku nyuma, na ukinakili kutoka huko unapata kitu kingine kabisa bila dalili yoyote. Hatari hii iko tu pale namba zote mbili zinapokuwa kumi na mbili au chini yake. "25/4" haiwezi kumdanganya mtu, kwa kuwa hakuna mwezi wa ishirini na tano. Dawa ni kutaja jina la siku: "Alhamisi, tarehe tatu, mwezi wa nne." Kama siku na tarehe hazipatani, mtu mwenye kalenda ukutani atagundua. Napendelea "mwezi wa tatu" na "mwezi wa tano" kuliko Machi na Mei kwa tangazo la redio, maana mawimbi yakikwaruza majina hayo mawili husikika kama ndugu.

Kwetu kuna jambo jingine ambalo vitabu vya uandishi wa habari havikunifundisha. Ukiandika "usiku wa Ijumaa", wapo watakaoelewa usiku unaofuata mchana wa Ijumaa, na wapo, hasa wazee na watu wa msikitini, watakaoelewa usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa kuwa kwao siku mpya huingia jua likitua. Wote wawili wako sahihi. Andika "Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa", au "Ijumaa usiku, kuamkia Jumamosi", na mjadala umekwisha.

Kuhusu pesa, tazama hiyo "Sh1.05m". Msomaji mwenye haraka husema "milioni moja nukta tano", sufuri ikadondoka njiani. Aliyesikia amepata 1,500,000 badala ya 1,050,000. Shilingi 450,000 zimezaliwa hewani, na wiki ijayo barazani kuna mtu atauliza zilikwenda wapi. Swali lake ni la haki, kwani alisikia kwa masikio yake. Hiyo "m" nayo ni milioni au mita? Andika "shilingi milioni moja na elfu hamsini". Nukta iachie vitabu vya hesabu, na alama ya "/=" iachie risiti.

Kiswahili chenyewe pia kina mahali penye utelezi. "Elfu mia mbili" ni 200,000. Lakini ukiisema haraka haina tofauti na "elfu, mia mbili", yaani 1,200. Kwa hiyo ya kwanza iandike "laki mbili", neno ambalo kila mnunuzi wa ngamia analijua, na ya pili "elfu moja na mia mbili". Vivyo hivyo "elfu ishirini na tano" inaweza kuwa 25,000 au 20,005. Kwa kawaida watu huelewa ile kubwa, nayo ndiyo iliyomo katika tangazo letu, basi iache hivyo. Ikiwa kweli unamaanisha ndogo, rudia jina la kitu: "dozi elfu ishirini, pamoja na dozi tano."

Kisha kuna hii "watu 2". Tarakimu haionyeshi upatanisho. Msomaji anaona 2, anasema "watu mbili", anajisahihisha "samahani, wawili", na katika kujisahihisha huko msikilizaji amepoteza sentensi nzima iliyofuata. Namba zinazobadilika ni moja, mbili, tatu, nne, tano na nane: watu wawili, visima vitatu, magunia manane. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Mkia wa namba kubwa hufuata kanuni hiyo hiyo, kwa hiyo "mabirika 12" ni kumi na mawili, na "mbuzi 202" ni mia mbili na wawili. Mwandishi ana muda wa kulifikiria hilo mezani kwake. Msomaji hana, basi mwandikie kwa maneno.

Vifupisho nitavipitia upesi. Vingine husemwa kama neno, mfano UKIMWI. Vingine hutajwa herufi moja moja, mfano IEBC. Vingine havitamkwi kabisa, hufunguliwa: S.L.P. ni sanduku la posta, Dkt. ni daktari. Karatasi haimwambii msomaji kipi ni cha aina gani. Mbaya zaidi ni "km", ambayo ni kilomita, ikikaa karibu na "k.m.", ambayo ni kwa mfano. Nukta mbili tu ndizo zinazozitenganisha, na mashine ya kunakili ikichoka nukta hizo hazionekani. Fungua vyote. Kama watu wanakijua kifupisho kuliko jina lake refu, kiandike kwa vistari, I-E-B-C, msomaji ajue ni herufi.

Mkimaliza, kunjueni karatasi mtazame mwisho wa kila mstari. "Shilingi" isibaki mstari wa juu na kiasi chake kikaanguka chini, na mkunjo wa karatasi usipite juu ya tarehe. Halafu mpeni mtu asiyejua habari hiyo amsomee mwingine asiyeona karatasi. Muulizeni huyo wa pili mambo matatu: siku gani, saa ngapi, wapi. Akikosea moja, msimlaumu yeye wala msomaji, rekebisheni karatasi. Nakala yenye tarakimu ibaki kwenye faili ya ofisi, kwa kuwa mkaguzi anaitaka hivyo. Ya kusomwa ni karatasi nyingine.

Tangazo letu sasa linasomeka hivi:

Chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo itatolewa siku ya Alhamisi, tarehe tatu, mwezi wa nne. Itaanza saa mbili asubuhi na kumalizika saa nane mchana. Mahali ni kilomita kumi na mbili kutoka Habaswein, kwenye barabara ya Lagboghol. Zipo dozi elfu ishirini na tano. Kila boma lilete watu wawili wa kushika mifugo. Zoezi hili limetengewa shilingi milioni moja na elfu hamsini. Kwa maelezo, muulizeni mkurugenzi wa huduma za matibabu ya mifugo wa kaunti. Narudia: Alhamisi, tarehe tatu, mwezi wa nne, saa mbili asubuhi.

Limekuwa refu karibu mara tatu ya lile la kwanza. Hiyo "narudia" ya mwisho niliiongeza kwa ajili ya aliyewasha redio katikati. Ina siku na saa ya kuanza peke yake, kwa sababu akishajua hizo mbili, mahali atamuuliza jirani.