Jina Jumanne, Tarehe ya Jumatano

Mtu wa Bariadi anayefuatilia cheti cha kuzaliwa cha mzazi wake huweza kukuta karatasi mbili zenye miaka miwili tofauti. Kabla ya kuchagua mojawapo, aanze na jina.

Swali la kwanza ni hili: jina hilo alipewa kwa sababu ya siku, au amerithi la babu? Likiwa la kurithi, halisemi lolote kuhusu tarehe. Tatu nalo lina utata, kwani huenda alizaliwa Jumatatu au ni mtoto wa tatu.

Tuseme mzee anaitwa Jumanne kwa kuwa alizaliwa siku hiyo. Rejista ya shule inasema 12 Machi 1975. Familia ina hakika na siku na mwezi, ila inabishania mwaka: 1973, 1974 au 1975. Fungua kalenda ya simu urudi nyuma. Ikigoma kufika huko, ongeza miaka 28, maana kati ya 1901 na 2099 kalenda hujirudia kila baada ya miaka hiyo. Ya 1974 ni sawa na ya 2002. Utaona 12 Machi ilikuwa Jumatatu 1973, Jumanne 1974 na Jumatano 1975. Rejista ya shule imeanza kutia shaka.

Usikimbilie 1974 bado. Uliza saa. Kwa hesabu ya Waswahili siku huanza jua linapotua, hivyo aliyezaliwa Jumatatu saa mbili usiku amezaliwa usiku wa Jumanne, na 1973 nao ungefaa. Bibi akisema mtoto alizaliwa mchana, watu wakiwa shambani, unabaki 1974.

Sasa tafuta tukio la kuunga mkono. Bibi akikumbuka kwamba walipohamishwa kwenye Operesheni Vijiji, mwaka 1974, mtoto alikuwa bado mchanga mgongoni, mambo mawili yasiyotegemeana yamekutana.

Majina ya Kisukuma husaidia kwa namna nyingine. Mabula na Kabula ni ya mvua, ambayo Simiyu hunyesha takriban Novemba hadi Mei. Kabula mwenye tarehe ya Agosti achunguzwe upya. Nzala na Nyanzala ni ya njaa, lakini njaa zimekuwa nyingi. Muulize mzee ni ipi, na nani mwingine kijijini alizaliwa wakati huo.

Kumbuka kwamba hata tarehe ya kubahatisha huangukia siku inayotakiwa mara moja katika saba. Kwa hiyo jina ni la kukataa tarehe mbovu, si la kuthibitisha nzuri. Ofisi ya RITA itataka kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cha shule. Jina litakuonyesha kipi kati ya hivyo ukitafute kwa bidii zaidi. Na ukikuta mahali pa kuzaliwa pameandikwa Mkoa wa Shinyanga, usihesabu kuwa kosa: Simiyu ulianzishwa 2012.